Mistari Mingapi Imeingia Usiku Huu?

Mwishoni mwa Septemba 2020, wimbi la pili la Uviko-19 likizidi kupanda Uingereza, matokeo ya vipimo yalikuwa yakitoka maabara kila siku na kuingia kwenye kompyuta za Public Health England, taasisi iliyokuwa ikisimamia afya ya umma huko. Yakishafika yalikusanywa, yakapelekwa kwenye takwimu za taifa na kwa watu waliopewa kazi ya kuwatafuta wote waliokaribiana na mgonjwa. Usiku wa Ijumaa, tarehe 2 Oktoba, ikagundulika kwamba wagonjwa 15,841 hawakufika upande wa pili. Maabara zilikuwa zimewatuma. Katikati ya njia walidondoka.

Chanzo chake kilikuja kuelezwa kwenye magazeti ya huko, na kinaeleweka hata na asiyejua programu. Matokeo yalikuwa yakimiminwa kwenye mafaili ya Excel ya aina ya zamani, XLS, ambayo hayawezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Mgonjwa mmoja alichukua mistari kadhaa, hivyo faili moja lilijaa kwa wagonjwa wapatao 1,400 tu. Waliozidi hapo waliachwa nje. Waliopimwa wenyewe walipata majibu yao, lakini watu waliokaa nao, waliosafiri nao na waliofanya nao kazi hawakutafutwa kwa wakati.

Tazama jinsi idadi ya waliokosekana ilivyokwenda. Tarehe 25 Septemba walikosekana 957. Tarehe 28 hakukosekana hata mmoja. Tarehe 29 wakafika 1,415, siku iliyofuata 3,049, kisha 4,133, na tarehe 2 Oktoba 4,786. Kadiri ugonjwa ulivyoenea ndivyo wengi zaidi walivyomwagika nje ya faili, maana kilichoongezeka kilikuwa kile kilichopita ukingo. Kazi ya kupakia ilikuwa ikiendelea kila siku, na takwimu zilikuwa zikitangazwa.

Hili ndilo jambo ambalo kila anayetegemea ripoti ya kompyuta anapaswa kulijua. Mfumo unapohamisha data kutoka mahali kwenda pengine, iwe mauzo ya maduka, malipo ya maji au mahudhurio ya wagonjwa, mwisho wa kazi huandika kwamba kazi imekamilika. Maana yake ni kwamba programu ilifika mwisho bila kuanguka. Haisemi kama ilibeba mistari elfu arobaini au minne. Faili tupu likipakiwa vizuri nalo huhesabiwa kuwa kazi iliyokamilika. Ndiyo maana mafundi makini huweka daftari dogo pembeni: kila mara data inapopakiwa, wanaandika idadi ya mistari, kisha wanailinganisha na ile iliyozoeleka. Ikiwa ndogo mno au kubwa mno, mtu anaamshwa.

Kwa maneno inaonekana kazi nyepesi. Ugumu unaanza pale unapouliza: ndogo mno kuliko nini?

Tuchukue mfano wa kutunga, lakini wenye sura ya mambo yanayotokea. Kuna kampuni ya supamaketi yenye matawi 12. Maduka yanafungwa saa tatu usiku, na saa nne kila tawi linatuma mauzo ya siku makao makuu. Kila bidhaa iliyopita kaunta ni mstari mmoja: namba ya risiti, namba ya kaunta, bidhaa, bei, saa. Kwa usiku wa Ijumaa, matawi yote kwa pamoja huleta mistari kama 50,000. Asubuhi meneja wa manunuzi anafungua ripoti na kuagiza unga, mafuta na sukari kwa kufuata kilichouzwa.

Tawi la Tanga lina kaunta saba. Ijumaa moja swichi ya mtandao iliyo chini ya meza inakufa, na kaunta tatu zinakatika. Wateja hawajui lolote, kwa sababu kaunta zinaendelea kuuza na kutunza risiti ndani yake zenyewe. Saa nne tawi linatuma kilichofika kwenye kompyuta yake: mistari 2,310. Makao makuu yanapokea mistari 2,310, na kazi inaandikwa kuwa imekamilika.

Aliyeweka ulinzi kwenye jumla ya matawi yote hataona kitu. Katika mistari 50,000, upungufu wa elfu moja na mia nane hivi haufiki asilimia nne, na Ijumaa yoyote yenye mvua hupunguza zaidi ya hapo. Jumla humeza matatizo ya mmojammoja. Kwa hiyo hesabu inawekwa kwa kila tawi, au kwa jambo lolote linaloweza kuharibika peke yake: kila maabara, kila kituo cha afya, kila benki inayotuma faili lake. Ukitaka kujua ugawe namna gani, jiulize ni kitu gani kikikatika kitaondoka na mistari yake.

Daftari lenyewe ni jedwali la safu chache tu:

```sql
CREATE TABLE daftari (
  tawi         text,
  tarehe       date,
  zilizotumwa  bigint,
  zilizoingia  bigint,
  thibitishwa  boolean DEFAULT false
);
```

Sasa Ijumaa hii ya Tanga ilinganishwe na nini? Siyo na jana, maana Alhamisi na Ijumaa hazina wateja sawa, na duka linalojaa Jumamosi likilinganishwa na Jumapili litapiga kelele kila wiki. Ilinganishwe na Ijumaa zilizopita. Daftari linaonyesha kwamba katika Ijumaa nane za nyuma Tanga ilileta mistari 4,120, 3,980, 4,310, 4,050, 6,240, 4,190, 3,890 na 4,270. Ile ya 6,240 iliangukia siku ya mshahara.

Wengi hukimbilia wastani. Wastani wa Ijumaa hizo nane ni 4,381, na tayari una kasoro, kwa sababu Ijumaa saba kati ya nane ziko chini yake. Siku moja ya mshahara imeuvuta juu. Kasoro kubwa zaidi iko kwenye upana wa mpaka. Kanuni ya darasani inataka tupime mtawanyiko kwa mkengeuko sanifu, kisha tuseme chochote kilicho ndani ya mara tatu ya kipimo hicho, chini au juu ya wastani, ni cha kawaida. Kwa Tanga mkengeuko huo unakaribia 764, karibu wote ukitokana na ile siku moja. Mpaka wa chini unaangukia kwenye 2,089 hivi. Mistari 2,310 inapita salama. Kaunta tatu kati ya saba zimekatika, na mlinzi anasema ni Ijumaa ya kawaida.

Dawa ni kuacha wastani na kuchukua namba ya katikati. Panga Ijumaa zote nane kutoka ndogo hadi kubwa, chukua mbili za katikati, 4,120 na 4,190, na nusu ya njia kati yao ni 4,155. Ile siku ya mshahara ingekuwa 6,240 au 60,000, katikati ingebaki palepale. Mtawanyiko nao upimwe kwa njia hiyohiyo: angalia kila Ijumaa iko mbali kiasi gani na 4,155, panga umbali huo, chukua wa katikati. Tanga inatoa 135. Tukiruhusu mara tano ya umbali huo kila upande, yaani 675, kawaida ya Ijumaa inakuwa kati ya 3,480 na 4,830. Sasa 2,310 inaonekana waziwazi kuwa ni pungufu.

Katika Postgres, namba ya katikati kwa kila tawi inapatikana hivi:

```sql
SELECT tawi,
       percentile_cont(0.5) WITHIN GROUP
         (ORDER BY zilizoingia) AS katikati
FROM daftari
WHERE thibitishwa
  AND extract(isodow FROM tarehe) = 5
  AND tarehe BETWEEN current_date - 56
                 AND current_date - 7
GROUP BY tawi;
```

Ile mara tano si sheria. Ni makubaliano kati ya kukosa tatizo na kuamsha watu bure, na kila upande una gharama. Ukibana mpaka mpaka kila tawi linapiga kengele ya bure usiku mmoja katika ishirini, kwa matawi 12 utakuwa na kengele ya bure karibu usiku mmoja katika kila mbili. Baada ya wiki tatu hakuna atakayeinuka kitandani, na kengele ya kweli itapita pamoja na za uongo. Mimi ningeanza na mpaka mpana na kuubana polepole huku nikihesabu kengele zilizokuwa na sababu. Kuna tawi, kwa mfano duka dogo la kituo cha mafuta, linaloleta mistari 40 tu kwa siku. Hapo asilimia thelathini chini ni mistari 12, na hiyo ni bahati ya wateja tu. Kuna upande wa pili pia: faili la orodha ya bei ambalo halibadiliki mwezi mzima lina umbali wa katikati wa sifuri, na mstari mmoja ukiongezeka kengele inalia. Kwa hiyo weka kiwango cha chini cha upana, tuseme asilimia tano, hata hesabu ikisema sifuri.

Turudi Uingereza kidogo, maana hapa kuna jambo la kuangalia kuhusu kisa kile. Je, kulinganisha na kawaida kungewaokoa? Kwa urahisi, la. Faili lililojaa hadi ukingoni halionekani dogo. Linaonekana kubwa kama la jana, na la jana nalo lilikuwa limejaa. Historia ingesema mambo yako sawa siku zilezile hali ilipokuwa ikizidi kuwa mbaya. Kilichohitajika ni swali jingine kabisa: maabara zilituma mangapi, na yameingia mangapi? Ukiwa na namba hizo mbili huhitaji wiki nane za kumbukumbu wala namba ya katikati. Zikitofautiana hata kwa mstari mmoja, kuna uliodondoka au ulioongezeka njiani.

Ndiyo sababu daftari letu lina safu mbili za idadi, `zilizotumwa` na `zilizoingia`. Anayetuma anahesabu mistari kabla ya kutuma na kuandika idadi hiyo pembeni ya faili, anayepokea anahesabu tena ndani ya kanzidata, kama karani wa bandarini anavyolinganisha magunia na hati ya mzigo. Hesabu hizo lazima zifanywe sehemu mbili tofauti. Nimeona mifumo ambayo programu ya kupakia inahesabu ilichosoma, kisha inajilinganisha na yenyewe. Ikisoma nusu ya faili, itapata nusu kwa nusu na kuridhika.

Lakini angalia Tanga. Tawi lilituma 2,310, zikaingia 2,310. Swali la pili haliona kosa lolote, kwa sababu mistari ya kaunta tatu haikufika hata kwenye kompyuta ya tawi. Hapo ni historia tu inayoweza kusema. Maswali haya mawili hayashindani. Kila moja linakamata kile ambacho jingine halina macho ya kukiona, na mfumo wenye moja tu una upande mzima ulio gizani.

Mzigo mkubwa kupita kiasi haupati heshima inayostahili. Watu wanaogopa data ikikosekana, ikizidi wanadhani biashara imechangamka. Alama ya kwanza ya kutazama ni mara mbili kamili, au karibu kabisa na hapo. Tanga ikileta mistari 8,310 wakati kawaida yake ni 4,155, uwezekano mkubwa ni kwamba faili limepakiwa mara mbili: mtandao ulikatika katikati, mfumo ukajaribu tena, na jaribio la kwanza lilikuwa limeshaingia. Wateja hawawezi kununua mara mbili kwa usahihi wa namna hiyo. Meneja akiagiza kwa kufuata ripoti hiyo, ghala litajaa unga usiohitajika.

Kuna ziada nyingine ya siri zaidi. Mauzo yanapounganishwa na orodha ya bidhaa ili kupata majina, na kwenye orodha hiyo sukari ya kilo moja imeandikwa mara mbili kwa namba ileile, kila mauzo ya sukari yatazaliwa pacha. Mistari 4,155 inakuwa 4,500. Mpaka wetu wa juu ni 4,830, kwa hiyo historia haitalalamika. Swali la zilizotumwa na zilizoingia litaikamata palepale, mradi tu hesabu ya pili ifanywe baada ya kuunganisha na siyo kabla yake.

Sasa kuna tatizo linalowapita hata wazoefu. Kengele nyingi huandikwa ziangalie mistari ya daftari na kutafuta namba mbaya. Kama tawi la Mtwara halikutuma kitu kabisa, kazi yake haikuanza, na kama haikuanza, haikuandika chochote kwenye daftari. Hakuna namba mbaya ya kukuta kwa sababu hakuna namba. Ukaguzi lazima uanzie kwenye orodha ya wanaotarajiwa, siyo ya waliofika:

```sql
SELECT m.tawi
FROM matawi m
LEFT JOIN daftari d
  ON d.tawi = m.tawi
 AND d.tarehe = current_date
WHERE d.tawi IS NULL;
```

Swali hili likiulizwa saa tano na nusu usiku, linaleta majina ya matawi yaliyokaa kimya. Kama ningeruhusiwa kuweka ulinzi mmoja tu kwenye mfumo mpya, ningeanza na huu.

Kalenda nayo ina mambo yake. Siku ya mshahara inajulikana na inaweza kulinganishwa na siku nyingine za mshahara. Idd el Fitr ni ngumu zaidi, kwa kuwa inafuata mwandamo wa mwezi, na mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko huu wa kawaida kwa siku zipatazo 11. Ukilinganisha na tarehe ileile ya mwaka jana utapotea, na mkesha wenyewe haujulikani kwa hakika hadi mwezi uandame. Njia inayofanya kazi ni kuwa na jedwali la siku maalumu ambalo mtu analijaza kwa mkono, na siku hizo zipewe mpaka mpana zaidi. Zisinyamazishwe kabisa. Mkesha wa Idd ni usiku ambao mistari mingi inasafiri, na kaunta zinazokatika usiku huo zinapoteza mauzo makubwa kuliko siku nyingine yoyote.

Safu ile ya mwisho ya daftari, `thibitishwa`, ina kazi yake. Ijumaa ya 2,310 ikiachwa ndani ya historia kama Ijumaa halali, itakuwa shahidi wa uongo kwa wiki nane zijazo. Moja haitaharibu sana namba ya katikati. Zikiwa tano, kawaida mpya itakuwa ni ile mbovu, na siku tawi litakapopona ndipo kengele italia. Mtu anayechunguza kengele anaandika alichokuta: ilikuwa kweli biashara imeshuka, basi namba inathibitishwa; ilikuwa hitilafu, basi inabaki nje. Tawi jipya lisilo na historia linapewa mpaka uliokadiriwa na mtu anayelijua eneo, hadi wiki zitimie.

Upungufu wa polepole ndio usioonekana kabisa kwa njia hii. Tawi likipoteza asilimia moja kila wiki, kwa mfano kwa sababu kaunta moja inaangusha risiti chache zaidi kila mara kumbukumbu yake inapojaa, namba ya katikati itashuka nalo hatua kwa hatua, bila kengele kulia. Ulinganisho wa pili, na miezi mitatu iliyopita, unaweza kuonyesha mteremko huo, ingawa hapo ni lazima mtu atenganishe hitilafu na mshindani aliyefungua duka mtaa wa pili. Na idadi ikiwa sahihi bado bei zinaweza kuwa sifuri katika kila mstari. Kuhesabu mistari hakusomi kilichoandikwa ndani yake.

Kengele ikilia, nini kifuate? Mzigo usiingie moja kwa moja kwenye jedwali linalosomwa na ripoti. Uingie kwanza kwenye jedwali la kungojea, uhesabiwe hapo, kisha usogezwe. Tofauti kati ya zilizotumwa na zilizoingia, au idadi iliyo mara mbili ya kawaida, inazuia mzigo palepale. Idadi iliyotoka nje ya mpaka bila dalili nyingine iruhusiwe kupita ikiwa na alama inayoonekana kwenye ripoti, ili meneja ajue kwamba Tanga haijakamilika. Ujumbe unaotumwa kwa fundi ubebe ushahidi: tawi, siku, idadi iliyoingia, mpaka wa kawaida, idadi iliyotumwa, na mgawanyo kwa kila kaunta. Akisoma kwamba kaunta ya 3, ya 5 na ya 6 hazina mstari hata mmoja, hatapoteza saa moja akichunguza kanzidata. Atapiga simu Tanga na kuomba mtu aangalie chini ya meza.

Jumamosi swichi inabadilishwa, na zile kaunta tatu zinatapika risiti zilizokuwa zimezitunza. Usiku Tanga inaleta mistari 6,760, wakati Jumamosi yake ya kawaida ni 4,900. Kengele inalia tena, safari hii kwa wingi. Ziada ni 1,860, na upungufu wa jana ulikuwa 1,845. Namba mbili zinazokaribiana hivi, moja chini na moja juu, siku mbili mfululizo, zinaonyesha data iliyochelewa. Aliyezoea ataona mara moja kwamba haijapotea wala kurudiwa. Hata hivyo asiishie kwenye kukisia. Kila mstari umebeba saa ya mauzo, kwa hiyo ahesabu upya kwa tarehe ya mauzo badala ya tarehe ya kupakiwa. Ijumaa ikirudi ndani ya 3,480 na 4,830, ripoti ya Ijumaa itengenezwe upya, alama iondolewe, na kwenye daftari hesabu za siku zote mbili zibaki bila kuthibitishwa, kwa sababu hakuna hata moja inayoonyesha mzigo wa kawaida wa usiku mmoja.